Dipoziti ya nyumba ni amana, na amana hudaiwa kwa tarehe

Mtoto akitumwa dukani kununua soda ya chupa ya glasi, mwenye duka humwuliza kama amekuja na chupa tupu. Kama hana, anaacha pesa za chupa. Jioni akirudisha chupa ikiwa nzima, anapewa pesa zake hapo hapo. Hambembelezi mtu, wala haambiwi arudi Ijumaa. Anajua kwamba zile pesa hazikuwa bei ya soda. Zilikuwa zake tangu mwanzo, zimewekwa tu mkononi mwa mwenye duka hadi chupa irudi.

Mtoto huyo huyo akikua, akipata kazi Nairobi, akapanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala na kuacha dipoziti ya kodi ya mwezi mzima, elimu hiyo humtoka. Siku ya kuhama anasimama mbele ya ajenti kama mtu aliyekuja kuomba mchango wa harusi. Anapiga simu mara kumi, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Anaambiwa mwenye nyumba amesafiri. Anaambiwa asubiri mpangaji mpya aingie. Baada ya miezi mitatu anasema, "Wacha tu, Mungu atanilipia," na pesa zake zinabaki kwa mtu mwingine.

Nimeyaona haya kwa ndugu, kwa majirani na kwa wafanyakazi wenzangu, na nimefikia msimamo ambao nitautetea hapa. Wenye nyumba wengine ni wakaidi, hilo halina ubishi. Lakini dipoziti nyingi hupotea kwa sababu ya namna zinavyodaiwa: kwa mdomo, kwa mtu asiyezishika, bila kutaja kifungu cha mkataba na bila kutaja tarehe. Ombi lisilo na tarehe halina siku ya kuchelewa, na lisilo na siku ya kuchelewa linaweza kusubiri milele.

Mwaka juzi mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinijia na kilio hicho. Nitaieleza kesi yake hatua kwa hatua, maana ni ya kawaida kabisa.

Aliingia katika nyumba hiyo, upande wa mashariki mwa jiji, tarehe 1 Machi 2023. Kodi ilikuwa Sh22,000 kwa mwezi. Alilipa dipoziti ya Sh22,000, na nyingine ya Sh3,000 ya maji na umeme, jumla Sh25,000. Alizituma kwa M-Pesa na ujumbe wa uthibitisho ulikuwa bado kwenye simu yake. Mkataba ulikuwa na kurasa tatu. Kifungu cha 7 kilisema dipoziti itarudishwa katika siku 30 baada ya mpangaji kuhama na kukabidhi funguo, ikiondolewa gharama ya uharibifu uliozidi matumizi ya kawaida na bili ambazo hazijalipwa. Kifungu cha 9 kilitaka notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi.

Alitoa notisi tarehe 29 Julai 2024 na akahama tarehe 31 Agosti. Hapo alifanya jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau, na ndilo lililomwokoa baadaye. Alipomkabidhi keateka funguo, alimwomba waandikiane kwenye karatasi: funguo tatu zimepokewa tarehe 31 Agosti 2024, mita ya maji inasoma kiasi hiki, na kasoro iliyoonekana ni kitasa cha mlango wa bafu kilichovunjika. Wote wawili wakatia sahihi. Kisha akazunguka nyumba tupu akipiga picha: kuta, sinki, choo, soketi, madirisha, mpaka chini ya meza ya jikoni.

Karatasi hiyo ya mistari minne ndiyo iliyoanzisha saa ya siku 30. Bila ushahidi wa siku ya funguo, ajenti anaweza kudai ulihama katikati ya Septemba, na hata kukutoza kodi ya siku hizo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata notisi yenyewe ina mtego wake. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua muda mmoja wa kodi, na notisi hiyo iishie siku ya kulipa kodi. Mtu anayetoa notisi tarehe 12 Agosti akidhani atakuwa huru tarehe 12 Septemba amejidanganya. Ajenti atahesabu mpaka mwisho wa Septemba, kisha atakata kodi hiyo kwenye dipoziti, na hapo ajenti atakuwa na haki. Notisi ya mpwa wangu ilitangulia tarehe 1 Agosti, kwa hiyo mwezi wake ulikuwa kamili.

Siku 30 ziliisha tarehe 30 Septemba. Kufikia siku hiyo alikuwa amempigia keateka simu mara nyingi, na keateka, mtu mwema asiyeshika hata shilingi ya dipoziti, alikuwa akimjibu tu kwamba atafikisha ujumbe. Ajenti naye alimwandikia kwamba pesa zitatoka mpangaji mpya akiingia.

Jibu hilo linafichua mengi. Mwenye nyumba aliyezitunza pesa za dipoziti hahitaji mpangaji mpya ili amlipe wa zamani. Anayemngoja mpangaji mpya amekwisha kuzitumia, na anataka kulipa deni la mmoja kwa amana ya mwingine. Ndiyo ile ya kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini kifungu cha 7 hakikusema chochote kuhusu mpangaji mpya. Kilisema siku 30. Masharti yasiyokuwa kwenye mkataba hayawezi kuongezwa na upande mmoja baada ya funguo kurudi.

Tarehe 2 Oktoba ajenti alibadilisha wimbo. Alituma orodha ya makato: kupaka rangi nyumba nzima Sh14,000, usafi Sh3,000, kitasa cha bafu Sh1,800, bili ya maji Sh640. Jumla ikawa Sh19,440. Maana yake angerudishiwa Sh5,560 tu kati ya Sh25,000.

Mpwa wangu alitaka kukataa orodha yote kwa hasira. Nilimwambia, "Mama, usikatae kilicho kweli, kwa sababu ukikikataa utapoteza nguvu ya kukataa kilicho uongo." Kitasa kilivunjika mikononi mwake, na karatasi ya makabidhiano ilisema hivyo. Maji aliyatumia. Hizo Sh2,440 ni deni lake, na anayezikubali bila kusukumwa huonekana mkweli katika mengine yote.

Rangi ni habari nyingine. Alikaa nyumba ile mwaka mmoja na nusu. Ukuta uliopauka, alama za kabati, weusi kidogo karibu na swichi ya taa, hayo yote ni uchakavu wa kawaida. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoipokea, lakini kinamwondolea mzigo wa kurekebisha kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida. Mkataba wake ulisema vivyo hivyo. Mwenye nyumba hupokea kodi kila mwezi, na sehemu ya kodi hiyo ndiyo ya kupaka rangi pale inapochoka. Ukuta uliochorwa na watoto kwa kalamu ya wino, au uliotobolewa matundu ya kutundikia televisheni, huo ni uharibifu na una gharama yake. Picha zake hazikuonyesha kitu cha namna hiyo. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, kwa hiyo Sh3,000 za usafi pia hazikuwa na msingi.

Lakini msomaji, soma mkataba wako kabla ya kuitumia hoja hii. Iko mikataba mingi ya Nairobi inayosema waziwazi kwamba mpangaji atapaka rangi anapohama, awe amechafua au hakuchafua. Ukitia sahihi kifungu hicho, umejifunga. La busara ni kutafuta fundi wako mwenyewe wiki ya mwisho, ukanunua rangi ile ile na kuweka risiti. Ukimwachia ajenti kazi hiyo, bei atakayokukata ni atakayoamua yeye.

Tulipopiga hesabu, Sh25,000 ukitoa Sh2,440 ni Sh22,560. Hicho ndicho kiasi alichodai, bila shilingi ya kuzidi. Tuliketi mezani kwangu jioni, mimi na yeye, tukaiandika barua. Naiweka hapa karibu yote, kwa sababu nguvu yake iko katika mpangilio.

"Tarehe 7 Oktoba 2024. Kwa mwenye nyumba, nakala kwa ajenti. KUH: Kurudishiwa dipoziti ya nyumba B6, Sh22,560.

Mzee, salamu. Nilikuwa mpangaji wako katika nyumba B6 kwa mkataba tuliotia sahihi tarehe 1 Machi 2023. Siku hiyo nililipa dipoziti ya Sh25,000 kwa M-Pesa. Nakala ya uthibitisho nimeiambatanisha.

Nilitoa notisi ya maandishi tarehe 29 Julai 2024 kama kifungu cha 9 kinavyotaka, na nikakabidhi funguo tarehe 31 Agosti 2024. Kodi nimeilipa yote hadi siku hiyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 7, dipoziti ilipaswa kurudishwa kufikia tarehe 30 Septemba 2024.

Nakubali kukatwa Sh1,800 za kitasa na Sh640 za maji. Sikubali Sh14,000 za rangi wala Sh3,000 za usafi, kwa kuwa kifungu cha 7 kinaruhusu kukata uharibifu uliozidi matumizi ya kawaida na bili ambazo hazijalipwa peke yake, na karatasi ya makabidhiano pamoja na picha za siku hiyo hazionyeshi uharibifu huo. Kama una ushahidi tofauti, nitumie pamoja na risiti.

Nakuomba unilipe Sh22,560 kwa nambari ile ile ya M-Pesa kufikia tarehe 21 Oktoba 2024. Nisipolipwa kufikia siku hiyo, nitapeleka dai hili katika Mahakama ya Madai Madogo bila kukuandikia tena. Asante."

Tazama kilichomo. Neno "nakuomba" lipo, na salamu ipo, na "Mzee" ipo, kwa sababu mwenye nyumba yule ni mtu wa umri wa babake. Heshima haijapungua. Lakini ombi limesimama juu ya kifungu na tarehe, na kila tarehe ina karatasi yake nyuma. Hakuna tusi, hakuna tishio la polisi, hakuna kusema atamwanika mitandaoni. Deni la mkataba si kazi ya polisi, na anayemtishia mwenzake kwa asilolimudu humpa nafasi ya kucheka.

Tazama pia barua imeandikiwa nani. Jina lililo kwenye mkataba kama mwenye nyumba ndilo linalobeba deni, hata kama pesa zilipitia kwa ajenti. Ajenti alipokea kwa niaba yake. Hii ni muhimu hasa pale ajenti anapobadilishwa, maana wa zamani atasema alikabidhi vitabu na mpya atasema hakupokea kitu. Mpangaji hana haja ya kuingia katika ugomvi huo. Amwandikie mwenye nyumba, na ajenti apewe nakala.

Barua aliipeleka kwa njia mbili. Nakala ya karatasi aliipeleka ofisi ya ajenti, akataka ipigwe muhuri wa kupokewa juu ya nakala yake. Nyingine, ikiwa na viambatisho vyote, aliituma kwa barua pepe na WhatsApp ya mwenye nyumba mwenyewe. Barua isiyo na ushahidi wa kufika ni kama haikuandikwa.

Tarehe 18 Oktoba mwenye nyumba alipiga simu mwenyewe, mara ya kwanza tangu binti ahame. Alisema atampa Sh15,000 wamalize. Mpwa wangu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamjibu kwa maandishi: atazipokea Sh15,000 kama sehemu ya malipo, na salio litabaki Sh7,560. Hapa wengi huteleza. Wakiona pesa zimeingia, huandika "asante sana, tumemalizana," na neno hilo moja hulifuta deni lote lililobaki. Pokea, shukuru, na utaje salio papo hapo.

Pesa ziliingia tarehe 21, siku ya mwisho. Salio halikuja. Alijaza dai la mahakama, akamtumia mwenye nyumba nakala yake kabla ya kuliwasilisha, na tarehe 4 Novemba Sh7,560 zikaingia kwenye simu. Dai halikuwahi kufika mahakamani.

Kwa nini alilipa? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu alijua mahakama ile ipo na haina gharama ya kumtisha mpangaji. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ni ya 2016, na mahakama ya kwanza ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya huduma na bidhaa na ya pesa zilizo mikononi mwa mtu mwingine, na dipoziti inaingia hapo. Unaweza kujisimamia bila wakili. Mwamuzi hafungwi na kanuni zote ngumu za ushahidi, na sheria inataka kesi imalizwe katika siku 60 tangu iwasilishwe. Mahakama ile, hata hivyo, haigusi ugomvi wa umiliki wa ardhi. Na mwenye duka au hoteli iliyo chini ya sheria ya upangaji wa biashara ajue kwamba magomvi yake na mwenye jengo yana baraza lake, Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, kwa hiyo aulize kwanza pa kwenda.

Hukumu nayo si pesa mkononi. Mwenye nyumba asipotii, itabidi uombe utekelezaji, na kwa hilo lazima ujue jina lake kamili na mahali anapopatikana. Mpangaji aliyetia sahihi mkataba wenye jina la jengo peke yake, bila jina la mtu wala kampuni, atapata shida hapa. Siku ya kuuliza "mwenye nyumba ni nani hasa?" ni siku ya kuingia, kabla hujatuma hata shilingi.

Nimesikia jibu la wale wasiotaka taabu hii yote: mwezi wa mwisho usilipe kodi, "ishi ndani ya dipoziti," kisha uhame. Najua kwa nini watu hufanya hivyo, na bado naupinga mtindo huo. Mikataba mingi inakataza dipoziti kugeuzwa kodi. Anayeacha kulipa amevunja mkataba yeye kwanza, na kama kuna kitasa kilichovunjika, mwenye nyumba hana pa kukata. Mbaya zaidi, mtindo huo huwafanya wenye nyumba wadai dipoziti ya miezi miwili, na anayeilipa ni mpangaji anayefuata, ambaye hakukosa lolote. Nguvu ya barua ya mpwa wangu ilikuwa katika sentensi moja fupi: kodi nimeilipa yote hadi siku hiyo.

Nawaambia na wenye nyumba pia. Sh25,000 za mpangaji si mapato. Ukizitumia kununua saruji ya jengo la pili, umekopa bila kumwambia mwenye mali. Ziweke kando, hata kwenye akaunti moja ya dipoziti zote, na ukitaka kukata, kata kwa risiti na picha. Uingereza na Wales walilifanya hili kuwa sheria tangu Aprili 2007: dipoziti ya nyumba za makazi huwekwa chini ya mpango maalumu ulioidhinishwa, na mwenye nyumba asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa amlipe mpangaji fidia ya kiasi hicho mara moja hadi mara tatu. Kenya bado tunategemea kifungu kimoja cha mkataba na uaminifu wa aliyezipokea. Bunge linapaswa kutunga sheria itakayoweka siku maalumu ya kurudisha dipoziti na kulazimisha zitunzwe mbali na pesa za mwenye nyumba.

Mpaka siku hiyo ifike, kazi hii ni yako wewe mpangaji. Leo jioni utoe mkataba wako ulipo, utafute kifungu kinachotaja dipoziti, na uone kama kina idadi ya siku. Kama hakina, mwandikie mwenye nyumba sasa, mkiwa bado mnapatana, mkubaliane juu ya siku hizo. Ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa uhifadhi mahali ambapo hautapotea simu ikipotea. Na siku ya kuhama, usitoke langoni bila karatasi yenye tarehe, idadi ya funguo na sahihi mbili.